Dakika tano za kuwatia moyo, na daftari nililolificha

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili na nina karakana ya kushona sare yenye cherehani nne. Pia ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha wafanyabiashara wadogo, watu 22. Kila mkutano hufunguliwa na neno la kutia moyo la dakika 5, na kwa miaka miwili nimekuwa nikilitoa mimi. Nawaambia wasikate tamaa, wasikatae kazi, wathubutu, kwamba mimi nilianza na cherehani moja na leo ninazo nne. Wananipigia makofi.

Miezi sita iliyopita mwenzetu mmoja, fundi kama mimi, alipata oda kubwa kuliko zote alizowahi kushika. Aliniita pembeni akaniuliza kama aichukue. Nikamjibu kwa maneno yale yale ya mkutanoni. Akakopa, akashona, akakabidhi kwa wakati. Malipo yakachelewa, mkopo haukusubiri. Ameuza cherehani zake zote mbili na amefunga. Hajanilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mikutanoni haji tena.

Kuna na lingine. Mwaka wa pili wa karakana yangu, mimi nami nilifunga kwa wiki mbili. Sijawahi kulisema. Kilichonisimamisha si uvumilivu ninaouhubiri. Mume wangu alinilipia pango kwa mshahara wake, na mteja mmoja, bila mimi kuomba, alinilipa nusu ya oda kabla sijagusa kitambaa.

Mkutano ujao uko baada ya wiki tatu. Nimejaribu kuandika neno jipya na kila sentensi naiona tupu. Nikisema ukweli wangu, naogopa kuwavunja moyo na kupoteza heshima, na mume wangu hapendi mambo ya nyumbani yatoke nje. Nikinyamaza, najiona mwongo. Nimefikiria hata kujiuzulu. Nimekuambatanishia kurasa mbili za daftari langu la mwaka ule. Nifanye nini?

Mwenye daftari

*

Marahaba, mwanangu.

Kurasa zako nimezisoma mara tatu, kalamu mkononi. Mambo ya mkutano tutayafikia. Kwanza niruhusu nikusomee daftari lako mwenyewe, maana nadhani neno unalolitafuta limo humo, na hukuliona kwa sababu siku unaliandika ulikuwa umejaa hofu.

Fedha halisi sitazitaja. Bei ya oda yako moja, ile ya sare 100, nimeigawa mafungu 10 yaliyo sawa. Kwa hesabu zako, mafungu 5 yanakwenda kwenye kitambaa. Fungu 1 ni uzi, vifungo na zipu. Mafungu 2 ni ujira wa mafundi. Yanabaki 2, na hayo ndiyo ya pango, umeme, na wewe na wanao. Hiyo si biashara mbaya. Kila oda ilikuwa na faida, na ukurasa wa kwanza unaonyesha hukuwahi kushona kwa hasara.

Sasa tazama tarehe, ambazo uliziandika pembeni kwa herufi ndogo kama jambo lisilo na uzito. Muuza vitambaa alitaka fedha taslimu siku unayobeba jora. Kukata, kushona na kupiga pasi kulichukua siku 10. Mteja akapokea sare zake, akakupa karatasi inayosema atalipa baada ya siku 45. Kwa hiyo fedha iliyotoka mkononi mwako siku ya kwanza ilirudi siku ya 55. Wewe uliita hali hiyo mwaka mgumu. Mimi naiona kama mstari wenye urefu wa siku 55, na shida yako yote imelala juu yake.

Fuatana nami. Oda mpya zilikuwa zikija kila baada ya siku 10. Oda ya kwanza ilikula mafungu 8 ya akiba yako, na ya pili ikala 8 mengine. Hapo akiba ikaisha, nayo ni siku ya 10 tu. Siku ya 20 ikaja ya tatu. Muuza vitambaa alikuamini, akakupa mafungu 5 ya kitambaa kwa mali kauli, na yaliyobaki yakatoka nyumbani. Siku ya 30 ikaja ya nne, ukaazima huku na huko. Siku ya 40 ikaja ya tano, na hapo kwenye daftari umeandika maneno mawili tu: "Nimeshindwa. Nimefunga." Wakati unaandika hivyo ulikuwa na oda nne ambazo ama umeshazikabidhi ama unazimalizia, zote zenye faida, na hata moja ilikuwa haijalipwa.

Siku ya 55 malipo ya kwanza yakaingia, mafungu 10 kamili. Ungetegemea cherehani zianze kulia siku hiyo hiyo. Lakini muuza vitambaa alikuwa mlangoni, ukamlipa 5 zake. Yakabaki 5, na oda moja inahitaji 8 kuianza. Ulikuwa umelipwa na bado huwezi kufanya kazi. Nadhani hapo ndipo wengi hukata tamaa kabisa, kwa sababu hawaelewi imewezekanaje fedha iingie na mashine zibaki kimya.

Ndipo akaja yule mteja aliyekulipa nusu kabla. Nusu ya oda ni mafungu 5. Ukajumlisha na 5 uliyobaki nayo, yakawa 10, na kazi ilihitaji 8. Ukafungua mlango. Uliandika "Mungu ni mwema", nami siligusi neno hilo. Ila nakuomba uone kwamba wema huo ulikuwa na umbo, na umbo hilo linaweza kuombwa tena kwa mteja mwingine, kwa sauti ya kawaida, siku ya kupokea oda.

Hebu tulipime. Bila malipo ya awali, kwa mstari wa siku 55 na oda mpya kila siku 10, unaanza oda sita kabla ya ya kwanza kulipwa. Sita mara 8 ni karibu mafungu 48 ya mtaji wa kuzungusha. Mteja akitanguliza nusu, kila oda inakudai mafungu 3 tu kutoka mfukoni mwako, na oda sita zinadai 18. Siku 45 za kusubiri nusu iliyobaki hazijaguswa hata kidogo. Wengine hung'ang'ana kufupisha muda wa kulipwa na kusahau malipo ya awali. Ukifanikiwa kumshusha mteja kutoka siku 45 hadi 15, bila kutanguliziwa chochote, fedha inarudi siku ya 25. Ndani ya muda huo unaanza oda tatu, ambazo ni mafungu 24. Ni nafuu kubwa, lakini kwa karakana yako nusu ya awali ilikuwa na nguvu zaidi.

Na lile neno lako la "msikatae kazi"? Chukulia oda zingekuja kila siku 5 badala ya 10, nawe ukaongeza mafundi ili uzimudu. Ungeanza oda 11 kabla ya malipo ya kwanza, yaani mafungu 88. Wateja wameongezeka, faida kwa kila oda ni ile ile, na shimo ni karibu mara mbili. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa mwenzako. Oda kubwa kuliko zote ni sawa na oda zako kadhaa zilizofika siku moja, na kila moja inataka mafungu yake 8 hapo hapo.

Mkopo nao una mahali pake kwenye mstari huo. Tuseme mtu amekopa mafungu 8 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, akayashika siku 55. Riba inakaribia robo tatu ya fungu, wakati faida yake yote ni mafungu 2. Zaidi ya theluthi ya faida imeondoka kabla pango halijaguswa. Mteja akichelewa mwezi mmoja zaidi, inakuwa zaidi ya nusu. Sijui mwenzako alikopa kwa masharti gani, kwa hiyo sisemi kwamba ndicho kilichomwangusha. Nasema tu kwamba mtu anaweza kushona vizuri, akakabidhi kwa wakati, asiwe mvivu wala mwoga, na bado akaanguka, kwa sababu tarehe ya mkopo ilifika kabla ya tarehe ya malipo.

Hapo naomba nikuulize kitu kwa upole. Unajiona wewe ndiye uliyemwangusha. Nimeitafakari barua yako na naona mikono kadhaa: aliyechelewesha malipo, masharti ya mkopo, uamuzi wake mwenyewe, na jibu lako. Jibu lako limo, sitakudanganya. Alikuuliza kama aichukue, na swali lililofaa kumrudishia lilikuwa "watakulipa lini?" Hukumuuliza kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa hujalisoma daftari lako kwa jicho hilo. Huko kulikuwa kutojua, na naona ni tofauti na kumdanganya, ingawa uchungu wake unaweza kufanana. Je, ungekuwa wewe umeanguka na yeye ndiye mwenyekiti, ungemtwika mzigo wote unaojitwika leo?

Swali la pili ni hili: una hakika gani kwamba ukweli utawavunja moyo? Nilipokuwa na karakana ya useremala, mteja mmoja mkubwa alikaa na fedha zangu zaidi ya siku 90. Nilikuwa na oda zimebandikwa ukutani na sikuwa na ubao hata mmoja wa kuzianzia. Watu walioniambia "vumilia" niliwaitikia kwa adabu, nikarudi nyumbani nikijiona mjinga, kwa sababu nilikuwa nimeshavumilia na haikusaidia. Aliyenipa nguvu ni mzee mmoja muuza mbao. Aliniketisha, akanihesabia siku kama nilivyokuhesabia wewe, akasema, "Kazi yako ni nzuri. Fedha yako imelala njiani." Usiku ule nililala. Nilikuwa nimepewa jina la kitu kinachoniumiza, na nilijua asubuhi nianzie wapi.

Sasa, mkutano. Naziona njia kama nne, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kuendelea kama zamani. Sitaitumia nafasi hii kukuonyesha ubaya wake, umeshauonyesha wewe.

Unaweza kujiuzulu. Ukifanya hivyo kwa sababu umechoka, ni haki yako. Ukifanya hivyo kama adhabu, jiulize nani atafaidika. Huenda atakayekuja baada yako akasema maneno yale yale, na yeye hatakuwa na daftari.

Unaweza kusimulia kisa cha mwenzako, ambacho kingewagusa sana. Hapa ndipo natia mkazo kuliko mahali pengine pote: kisa hicho ni chake. Hata usipomtaja jina, katika kikundi cha watu 22 kila mmoja atajua. Bila ruhusa yake utakuwa umemfungia mlango wa kurudi.

Njia ya nne ni kusimulia daftari lako. Naona moyo wako umeshaanza kwenda huko, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi, maana hatari zake hazionekani haraka.

Ya kwanza ni mume wako. Mshahara wake ulilipa pango, na hilo ni sehemu ya hesabu. Ukiliondoa kabisa, hadithi yako inarudi kuwa kaulimbiu: mtu asiye na mshahara mwingine nyumbani atajaribu kupita ulipopita wewe na hatakuwa na pa kushika. Ukilisema bila yeye kujua, umevunja jambo la nyumbani. Labda kaa naye kabla, umsomee sentensi moja tu unayokusudia kuisema, kwa mfano "kodi ya pango nilisaidiwa na familia". Huenda akaikubali hiyo. Huenda akakataa, nawe utalazimika kutafuta namna ya kusema kwamba ulikuwa na msaada bila kusema wa nani.

Ya pili ni ya kibiashara. Katika kikundi mna mafundi wengine, na mafungu yako ya gharama na faida si ya kutandazwa mezani. Mwenzako wa kazi akijua unabaki na 2 kati ya 10, anajua pia akupunguzie wapi kwenye oda ijayo. Unaweza kutumia siku peke yake, 10, 45 na 55, bila kutaja mafungu kabisa. Siku zinatosha kuonyesha shimo.

Ya tatu ni kwamba watu hushika dawa na kuacha ugonjwa. Wakisikia "omba nusu kabla", watatoka wote kwenda kuomba nusu. Lakini yupo ambaye shida yake si muda. Yule mzee muuza mbao alikuwa na namna ya kulitambua hilo, na unaweza kuipeleka mkutanoni kama ilivyo. Mtu ajiulize: wote wanaonidai leo nikiwalipa, na wote ninaowadai leo wakinilipa, nitabaki na kitu? Akibaki na kitu, biashara yake ina faida na fedha imelala njiani, naye ana sababu ya kupigania tarehe. Asipobaki na kitu, shida iko kwenye bei au gharama. Huyo malipo ya awali yatamficha ukweli kwa muda tu, kwa sababu atatumia fedha ya oda mpya kuziba tundu la oda ya zamani. Mtu wa namna hiyo ukimwambia asikate tamaa, unamwambia aendelee kuchimba. Pengine anahitaji kusikia kwamba kusimama kwa mwezi mmoja apange bei upya si kushindwa.

Na wapo wanaouza kwa fedha taslimu, ambao watasema jambo hili haliwahusu. Nao wana mstari wao, unaoanza siku ya kununua bidhaa na kuisha siku bidhaa hiyo inapouzwa. Mzigo unaokaa rafuni siku 60 ni fedha iliyolala siku 60, hata kama mnunuzi hakukopa.

Nilijaribu kuandika jinsi dakika zako 5 zingeweza kusikika. Si lazima uyatumie. Yabadilishe yawe ya kinywa chako:

"Ndugu zangu, leo nimekuja na daftari. Miaka iliyopita nilifunga karakana wiki mbili na sikuwaambia. Siku niliyofunga nilikuwa na oda nne nilizoshona vizuri, na hakuna hata moja iliyokuwa imelipwa. Nilitoa fedha siku ya kwanza, nikashona siku 10, nikasubiri siku 45. Fedha yangu ilisafiri siku 55 na mimi nilikuwa na akiba ya kuhimili oda mbili tu. Nilisaidiwa pango, na mteja mmoja akanilipa nusu kabla. Nusu ile ndiyo iliyofungua mlango. Kwa muda mrefu nimewaambia ni uvumilivu, na nilikuwa nimekosea. Kwa hiyo leo naomba tufanye kitu kimoja. Kila mtu achukue kazi moja tu, ya mwisho aliyoikamilisha. Aandike tarehe fedha ilipotoka mkononi mwake na tarehe iliporudi. Ahesabu siku. Asiyelipwa bado aandike 'bado'. Mkutano ujao tuje na namba hizo, na kila mmoja aseme siku moja anayodhani anaweza kuipunguza, na kwa njia gani."

Hayo hayafiki dakika 5, na sidhani ni kasoro. Muda unaobaki waachie wahesabu palepale. Utasikia ukumbi umenyamaza, na usiharakishe kuujaza kwa maneno.

Mtu atakuuliza, bila shaka, kwamba wateja wake wakubwa hawakubali kutanguliza chochote. Anasema kweli, taasisi nyingi zina utaratibu wao na hazibadiliki kwa ajili ya fundi mmoja. Kwa kazi yako ipo njia nyingine: mteja anunue kitambaa mwenyewe, wewe umtoze ushonaji. Mafungu 5 yanaondoka begani mwako. Mwiba wake ni mabaki. Msipokubaliana kwa maandishi sare moja inakula kitambaa kiasi gani pamoja na upotevu wa kukata, siku ya kukabidhi mtahesabiana vipande. Njia nyingine ni kukabidhi kwa mafungu ya sare 20, na kila fungu lilipwe kivyake. Hapo saa ya siku 45 inaanza kuhesabu mapema kwa zile za kwanza, badala ya kungoja sare ya 100.

Wengine humpa mteja punguzo ili alipe haraka. Si vibaya, ila wapige hesabu kwanza. Punguzo la asilimia 5 ya bei linaonekana dogo, lakini kwako ni nusu fungu, na nusu fungu ni robo ya faida yako yote. Yupo ambaye kwake linafaa, kwa sababu riba anayolipa ni kubwa kuliko hapo. Yupo ambaye atakuwa anagawa chakula cha wanawe.

Kuhusu heshima yako, sina hakika kama nina jibu. Inawezekana wapo watakaokuona mdogo ukishasema ulifunga. Inawezekana pia wapo ambao wamefunga, au wako siku ya 40 leo hii, na wamekuwa wakikaa kiti cha nyuma wakipiga makofi huku wakijiona peke yao. Wewe unawajua kwa sura, mimi siwajui.

Lakini kabla ya mkutano, kuna mlango mmoja nadhani unauwaza kuliko unavyouandika. Ukienda kwa mwenzako, sidhani ni lazima uende na maneno mengi ya kuomba radhi, ambayo yatamlazimisha akufariji wewe. Unaweza kumwambia tu kwamba siku ile alikuuliza swali na hukumjibu sawasawa. Umwonyeshe ukurasa wako, ule ulioandika umeshindwa. Kama atataka kuhesabu siku za oda yake, mpe kalamu yeye. Kama hataki, kunywa ulichokaribishwa, uage. Pengine hayuko tayari, na cherehani zilizouzwa hazirudi kwa hesabu. Ila nadhani anastahili kujua, kabla ya wengine 20, kwamba mwenyekiti wake naye alifunga, na kwamba sare alizoshona hazikuwa na kasoro.

Niandikie ukishaonana naye. Ningependa kujua mstari wake ulikuwa wa siku ngapi.